Je, Wajua? Nyumba Zilihamia Kijijini, Mikorosho Ikabaki

Mwulize Mtanzania aliyezaliwa baada ya 1980 vijiji vya ujamaa vilikuwa nini, na huenda akakujibu hivi: watu walilazimishwa kulima shamba moja, wakakata tamaa, njaa ikaingia. Kila kipande cha jibu hilo kina ukweli wake, ila vikiunganishwa hivyo vinapotosha. Shamba la pamoja lilikuwa dogo kuliko linavyosimuliwa, na katika vijiji vingi halikuwahi kulimwa kwa dhati. Kilichogeuza maisha ya mkulima ni kuhamishwa kwa nyumba yake. Kuishi pamoja na kulima pamoja ni mambo mawili yaliyobebwa na jina moja, na anayetaka kupima malengo kwa matokeo hana budi kuyatenganisha kwanza.

Je, wajua kwamba serikali ilianza na vijiji vya gharama kubwa, kisha ikaviacha?

Tarehe 10 Desemba 1962, siku moja baada ya Tanganyika kuwa jamhuri, Julius Nyerere alilihutubia Bunge na kusema kwamba hatua ya kwanza ya maendeleo ya mkulima ni kuishi kijijini. Hoja yake ilikuwa nyepesi na ni vigumu kuipinga hata leo. Watu waliotawanyika porini, nyumba moja hapa na nyingine ng'ambo ya bonde, hawawezi kujengewa shule, kuvutiwa maji wala kukodi trekta kwa pamoja. Huwezi kupeleka bomba kwenye kila mji wa watu sita.

Jaribio la kwanza lilifuata ushauri wa Benki ya Dunia. Ripoti yake ya 1961 ilipendekeza wakulima wachache watolewe katika ardhi yao ya zamani na kuwekwa kwenye makazi mapya yenye mashine, mkopo na wasimamizi. Kerege karibu na Bagamoyo na Upper Kitete katika nyanda za ngano za Mbulu yalikuwa miongoni mwa makazi hayo. Mpango ulikisia kwamba kila makazi yangechukua kaya 250 na kugharimu pauni 150,000, yaani pauni 600 kwa kila kaya. Mkulima wa jembe la mkono wa wakati huo asingeweza kulipa deni hilo maishani mwake, na mashine zenyewe zilikuwa kubwa kuliko mashamba yaliyokuwapo. Aprili 1966 Makamu wa Pili wa Rais, Rashidi Kawawa, alitangaza kwamba makazi mapya ya namna hiyo hayataanzishwa tena.

Kilichosalia katika fikra za wapangaji ni ile idadi. Sheria ya vijiji ya 1975 ilipokuja kuweka kiwango cha chini cha kijiji, ilitaja kaya 250 zilezile. Pauni 600 za kila kaya hazikurudi pamoja nazo.

Je, wajua kwamba wanakijiji waliofaulu kulima pamoja walivunjiwa chama chao?

Wakati makazi ya Benki ya Dunia yakizama katika madeni, vijana wa Umoja wa Vijana wa TANU huko Songea walikuwa wameanza jambo lao bila kuagizwa na mtu. Wakiongozwa na Ntimbanjayo Millinga, walianzisha kijiji cha Litowa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Vijiji vingine viliwafuata, wakaunda Chama cha Maendeleo cha Ruvuma, na kufikia 1969 chama hicho kilikuwa na vijiji kama 17. Mpango wao haukuwa mgumu. Kazi ilipangwa katika mkutano wa wanakijiji wenyewe, mapato yakagawanywa kwa makubaliano yao wenyewe, na kijiji kipya hakikupokelewa kabla wanakijiji wake hawajakaa na wenyeji wakajifunza. Litowa ilikuwa na shule yake, iliyofundisha watoto kwa kuwashirikisha katika kazi za kijiji.

Nyerere aliyaona hayo, na yalimwathiri. Andiko lake la Septemba 1967, Ujamaa Vijijini, lililotoka miezi michache baada ya Azimio la Arusha, lina harufu ya Litowa kila mahali. Linasisitiza hiari, mwanzo mdogo na uamuzi wa wanakijiji. Lilieleza pia ngazi tatu: kwanza watu wasogeze nyumba zao karibu, kisha walime kishamba kidogo cha pamoja huku kila mtu akiendelea na chake, mwisho, wakishaaminiana, shamba la pamoja liwe ndilo tegemeo lao kuu.

Tarehe 24 Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU ilikipiga marufuku Chama cha Maendeleo cha Ruvuma. Mali zake zilichukuliwa na serikali. Sababu haikuwa uzembe, kwa kuwa hawa ndio waliokuwa wakiyatenda yale ambayo nchi nzima ilikuwa ikiyahubiri. Viongozi wa mkoa walishindwa kuvumilia vijiji vilivyokuwa vikijibu maagizo kwa kusema kwamba vitalijadili jambo hilo mkutanoni. Kwa maoni yangu, hapa ndipo sera ilipogawanyika. TANU ilikuwa tayari kwa wakulima walio pamoja, mradi wasiwe wakulima wanaojiamulia.

Je, wajua kwamba shamba la ujamaa lilishindwa na kalenda ya mvua kabla halijashindwa na uvivu?

Machi 1969 ulitolewa waraka wa rais ulioagiza idara zote za serikali zitangulize vijiji vya ujamaa. Zikafuata oparesheni za mikoa: Rufiji baada ya mafuriko, Dodoma baada ya ukame, kisha Kigoma. Huko Dodoma Nyerere mwenyewe alikwenda Chamwino kufyatua matofali na wanakijiji. Kulikuwa na ahadi za kweli, na kulikuwa na watu walioitikia kwa kweli.

Ila tazama kaya ya watu wazima wawili katika mkoa wa mvua za msimu mmoja, tuseme Dodoma au Lindi. Mvua za kupandia zinakuja kati ya Novemba na Desemba, na kila wiki ya kuchelewa inapunguza mavuno. Wiki mbili au tatu baada ya mbegu kuota, palizi ya kwanza inaanza, na palizi haingoji mtu. Jembe ni la mkono, hivyo eneo ambalo watu wawili wanaweza kulipalilia katika wiki hizo chache ndilo kikomo cha chakula chao cha mwaka mzima. Shamba la pamoja linahitaji palizi katika wiki hizohizo. Siku moja unayokwenda kwenye shamba la kijiji ni siku moja iliyotoka kwenye mahindi ya watoto wako.

Basi kila kaya yenye akili ilipanda kwake kwanza, ikapalilia kwake kwanza, na shamba la kijiji likapata siku zilizobaki. Lilipandwa kwa kuchelewa, likapaliliwa magugu yakiwa yamefika magotini, likatoa mavuno kidogo. Mavuno hayo yakagawanywa kwa siku za kazi zilizoandikwa daftarini, yakatoa malipo madogo sana kwa siku. Mwaka uliofuata watu walikuwa na sababu moja zaidi ya kuchelewa. Maofisa waliliita jambo hili uvivu au ukosefu wa elimu ya siasa. Kwa kuwa halikuwa hivyo, hotuba hazikulitibu. Baadhi ya mikoa ilihamia kwenye mashamba ya bega kwa bega, ambamo kila kaya ilipewa ukanda wake ndani ya shamba moja kubwa na kuvuna chake. Huko kulikuwa ni kukiri kimyakimya kwamba kulima pamoja kumeachwa.

Mahali pengine upinzani haukuwa wa kimyakimya. Isimani, mkoani Iringa, ilikuwa imeota wakulima wakubwa wa mahindi wenye matrekta na vibarua, na kuligeuza eneo hilo kuwa vijiji vya ujamaa kulimaanisha kuwanyang'anya mashamba. Siku ya Krismasi ya 1971 mkulima Said Mwamwindi alimpiga risasi na kumwua Mkuu wa Mkoa, Dakta Wilbert Klerruu, kisha akaupakia mwili katika gari la mkuu wa mkoa na kuliendesha mwenyewe hadi polisi mjini Iringa. Alihukumiwa kunyongwa.

Je, wajua kwamba amri ya 1973 haikuwa amri ya kulima pamoja?

Septemba 1973 mkutano mkuu wa TANU uliofanyika Mwanza uliamua kwamba wakazi wote wa vijijini wawe wamehamia vijijini ifikapo mwisho wa 1976. Novemba mwaka huohuo Nyerere alitangaza kwamba kuishi kijijini sasa ni amri. Ngazi tatu za 1967 zilibaki moja, tena ile ya chini kabisa: kusogeza nyumba. Shamba la pamoja liliachwa lije lenyewe baadaye. Viongozi wakaanza kusema zaidi vijiji vya maendeleo, na ujamaa ukangoja zamu yake.

Oparesheni Vijiji ilikwenda kwa kasi ya kutisha. Mwaka 1970 watu wapatao nusu milioni walihesabiwa katika vijiji vya ujamaa. Mwaka 1973 walikuwa milioni 2, katikati ya 1975 milioni 9, na mwisho wa 1976 milioni 13. Malori ya serikali, mgambo na mahali pengine wanajeshi walitumika. Nyumba zilibomolewa au kuchomwa moto ili wenyewe wasirudi. Wapangaji wa wilaya walikuwa na wiki chache za kuchagua eneo la kijiji, na mtu asiye na muda huchagua mahali anapoweza kufika kwa gari. Ndiyo maana vijiji vingi vilipangwa kando ya barabara, hata pale ambapo maji na udongo mzuri vilikuwa upande wa pili wa kilima.

Tahadhari moja kuhusu ile milioni 13: si wote waliobeba magodoro. Kilimanjaro na Bukoba, ambako watu walikuwa tayari wamebanana ndani ya migomba na kahawa, vijiji viliandikishwa palepale vilipokuwa. Hakuna ofisa aliyetaka kung'oa kihamba cha Mchaga au kibanja cha Mhaya. Anayesoma idadi hiyo kama idadi ya waliohamishwa anaikuza. Anayeisoma kama idadi ya makaratasi tu anawasahau mamilioni waliohamishwa huko Shinyanga, Mara, Kigoma, Lindi na Mtwara.

Je, wajua kwamba duara linaweza kueleza njaa ya udongo?

Tufanye hesabu ndogo ya mfano, ambayo ofisa wa wilaya mwenye penseli angeweza kuifanya. Kijiji kina kaya 250, na kila kaya inalima hekta 2. Hizo ni hekta 500. Lakini katika sehemu nyingi za nchi udongo hulimwa miaka michache kisha ukaachwa upumzike miaka mingi, kwa hiyo ili kulima hekta 2 bila kuuchosha udongo unahitaji hekta kama 10. Sasa kijiji kinahitaji hekta 2,500, yaani kilomita za mraba 25. Weka nyumba katikati na uchore duara: shamba la mbali liko karibu kilomita 3. Kijiji kikiwa na kaya 600, duara linafika kilomita 4.4, sawa na saa moja ya kutembea ukiwa na jembe begani, na saa nyingine kurudi ukiwa na mzigo kichwani.

Hiyo ni pale duara linapokamilika. Kijiji kilichopangwa kwa mstari barabarani, chenye kijiji kingine jirani kila upande, hakina duara. Watu walifanya wanachoweza kufanya: walilima sehemu za karibu mwaka hadi mwaka bila kuzipumzisha, na kuni zikakatwa kwanza pale zilipo karibu. Kutawanyika ambako hotuba zilikuita kurudi nyuma kulikuwa na kazi yake. Nyumba ilikuwa ikilifuata shamba, na shamba lilikuwa likiufuata udongo uliopumzika.

Je, wajua kwamba korosho ndiyo iliyotoa hesabu ya wazi kuliko zao lolote?

Mahindi hupandwa upya kila mwaka, kwa hiyo mkulima aliyehamishwa anaweza kuanza tena mahali papya. Mkorosho hauhamishwi. Unaanza kuzaa ukiwa na miaka mitatu au minne, unafikia nguvu zake kamili miaka kadhaa baadaye, na unaendelea kwa miongo. Ndiyo maana Lindi na Mtwara ni mahali pazuri pa kupima sera hii.

Msimu wa 1973/74 Tanzania ilikusanya korosho tani kama 145,000, na ilikuwa miongoni mwa wauzaji wakubwa duniani. Kufikia msimu wa 1977/78 kiasi kilikuwa kimeshuka chini ya nusu ya hapo. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1980 kulikuwa na misimu ambayo nchi nzima haikufikisha tani 20,000. Wakati huohuo serikali ilikuwa imekopa na kujenga viwanda vya kubangua korosho vyenye uwezo wa kula karibu mavuno yote ya ile miaka ya neema. Vingi vilikaa bila kazi.

Washukiwa ni watatu. Wa kwanza ni bei: mkulima alikuwa akipata sehemu inayozidi kupungua ya bei ya nje, mnunuzi akiwa mmoja tu. Wa pili ni ubwiriunga, ukungu mweupe unaoshambulia machipukizi na maua wakati wa asubuhi zenye baridi na umande, na kuyakausha kabla hayajafunga korosho. Wa tatu ni kuhamishwa kwa watu.

Tarehe zinasaidia kuwatenganisha. Anguko lilianza mara tu baada ya 1974, mwaka ambao Oparesheni Vijiji ilikuwa imepamba moto. Ubwiriunga ulikuja kutambuliwa kama janga mwishoni mwa muongo huo. Kwa hiyo ugonjwa ulilizamisha zao lililokuwa tayari linazama. Bei mbaya ilikuwapo muda wote, nayo ilimfanya mkulima asione faida ya kutembea mbali. Hilo la kutembea ndilo linalotupeleka kwenye kiini.

Mkulima wa Kusini alikuwa hapalilii mikorosho peke yake. Alipanda muhogo, mtama, mahindi au karanga katikati ya miti michanga, na alipokuwa akipalilia chakula chake, mikorosho ilipata palizi ya bure. Hata miti ilipokua na kufunga kivuli, alikuwa akiishi humohumo au jirani yake. Usafi chini ya mti si urembo. Bibo likiiva huanguka pamoja na korosho yake, na msimu wa kuokota unaanza karibu Septemba au Oktoba na kuendelea hadi mvua zinapoanza. Chini pakiwa peupe, mama na watoto wanaokota kila baada ya siku chache. Pakiwa na majani marefu, korosho hazionekani, wanyama wanazitangulia, na mvua ikinyesha zinaoza. Moto wa msituni ukipita kwenye majani hayo makavu, unaunguza na mti wenyewe.

Sasa mhamishe mkulima huyo kilomita 8 kutoka mahame yake. Chakula chake atakilima karibu na kijiji kipya, kwa kuwa chakula lazima kilindwe dhidi ya nguruwe na nyani. Palizi ya bure imekufa siku hiyo. Ili kuihudumia mikorosho sasa anahitaji safari ya makusudi: kwenda asubuhi, kufyeka, kurudi jioni, na malipo yake ni bei ileile inayozidi kushuka. Anaweza kwenda mara moja kabla ya msimu na mara chache za kuokota. Mwaka wa pili vichaka vimeota. Mwaka wa tatu matawi yamesongamana, hewa haipiti, na ukungu ukija unakuta nyumba tayari.

Kwa nini hakupanda mikorosho mipya kijijini? Kwa sababu ardhi aliyogawiwa mara nyingi ilikuwa na mwenyewe. Kwa desturi za huko, kama kwingi nchini, miti ina mwenye miti hata kama ardhi inalimwa na mwingine, na anayepanda mti wa kudumu anatangaza kwamba amefika kukaa. Mwenyeji aliyekubali mgeni alime mtama kwa msimu hakukubali apande mikorosho ya miaka 40. Mgeni naye hakuwa na uhakika kwamba hatahamishwa tena. Kupanda mkorosho ni kuuamini mwaka wa kumi kutoka leo.

Uthibitisho mzuri zaidi ulikuja upande wa pili wa mkondo. Kuanzia katikati ya miaka ya 1980 vidhibiti vililegea na watu wakaanza kurudi mahameni, mahali pengine kwa kimya, pengine kwa ruhusa. Watafiti wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele walionyesha kwamba unga wa salfa unazuia ubwiriunga. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 biashara ya korosho ilifunguliwa kwa wanunuzi binafsi. Kufikia mwisho wa muongo huo mavuno yalikuwa yamepita tani 100,000 tena, kwa sehemu kubwa kutoka kwenye miti ileile iliyokuwa imezama vichakani. Miti haikuwa imekufa. Ilikuwa imekosa watu wa karibu, dawa na bei, na vyote vitatu viliporudi ikazaa.

Je, wajua kwamba mahindi yanasimulia hadithi nyingine?

Anayetaka kuilaumu Oparesheni Vijiji kwa njaa ya 1974 anakuta mahindi hayamsaidii kama anavyotaka. Ni kweli kwamba mahindi yaliyonunuliwa rasmi msimu wa 1974/75 yalishuka hadi tani kama 24,000, na nchi ikatumia fedha za kigeni kuagiza nafaka nyingi. Lakini misimu hiyo ilikuwa na ukame mkali, na bei ya mafuta ilikuwa imepanda mwishoni mwa 1973. Tena, kiasi kinachonunuliwa rasmi hakipimi kiasi kilicholimwa; mkulima anayeona bei haifai hula, huhifadhi au huuza kwa magendo. Serikali ilipopandisha bei na mvua ziliporudi, ununuzi rasmi ulipanda hadi kupita tani 200,000 msimu wa 1978/79, watu wakiwa bado kijijini.

Hivyo siwezi kuandika kwamba kuhamishwa kuliua kilimo cha chakula. Kulikipiga pale ambapo watu walihamishwa mvua zikiwa mlangoni, kwa kuwa aliyekuwa akijenga kibanda Novemba hakuwa akipanda. Pigo hilo la msimu mmoja au miwili lilikutana na ukame, na mtu mwenye njaa hakuwa na haja ya kutenganisha sababu. Mazao ya miti ndiyo yaliyobeba jeraha la muda mrefu.

Je, wajua kwamba lengo la huduma lilifikiwa nusu, na nusu hiyo haikuwa ndogo?

Hapa wakosoaji huenda haraka mno. Azimio la Musoma la Novemba 1974 liliagiza elimu ya msingi kwa wote ifikapo 1977, na vijiji vipya ndivyo vilivyowezesha madarasa kujengwa na watoto kufika. Kisomo cha watu wazima kilikuwa na wanafunzi wa kutosha mahali pamoja kwa mara ya kwanza. Kwa takwimu za serikali, wanaojua kusoma na kuandika walitoka theluthi moja ya watu wazima mwishoni mwa miaka ya 1960 hadi karibu robo tatu mwaka 1977. Hata ukipunguza kidogo kwa ajili ya bidii ya wahesabuji, badiliko hilo ni kubwa.

Maji yalishindwa. Mpango wa 1971 uliahidi kwamba ndani ya miaka 20 kila mtu angepata maji safi katika mita 400 kutoka nyumbani kwake. Pampu za dizeli zilifungwa katika vijiji vingi, kisha dizeli ikakosekana, vipuri vikakosekana, na wanawake wakarudi kwenye visima vya zamani, ambavyo sasa vilitegemewa na watu wengi zaidi kuliko awali. Huduma zilizotegemea watu na chaki zilifika. Zilizotegemea chuma na fedha za kigeni zilikwama.

Je, wajua kwamba deni la ardhi la miaka hiyo bado liko katika sheria?

Ardhi ambayo watu walihamishwa kutoka kwake, na ile waliyopewa, haikuandikwa kwa utaratibu. Baada ya masharti kulegea, wenye ardhi wa zamani walianza kufungua kesi, na wengi walishinda. Serikali iliogopa vijiji vingefumuka. Mwaka 1992 ilipitisha sheria iliyofuta haki za kimila katika ardhi ya vijiji vilivyoanzishwa na oparesheni, bila fidia kwa ardhi yenyewe, na kuzuia mahakama zisisikilize madai hayo.

Wakulima wawili wa Mbulu, baba na mwanawe, waliipinga sheria hiyo. Mwaka 1994, katika kesi ya Mwanasheria Mkuu dhidi ya Lohay Akonaay, Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali iliamua kwamba haki ya kimila ya kutumia ardhi ni mali inayolindwa na Katiba, na kwamba haiwezi kufutwa bila fidia ya haki. Uamuzi huo uliipa hadhi ya mali ile haki ambayo tangu enzi za Waingereza ilikuwa ikichukuliwa kama ruhusa tu.

Bunge lilipotunga Sheria ya Ardhi ya Vijiji mwaka 1999 lilitafuta njia ya katikati. Kifungu cha 15 kinasema ugawaji wa ardhi uliofanywa na vijiji kati ya Januari 1, 1970 na Desemba 31, 1977 ni halali, na haki za waliokuwapo kabla ya hapo zimekoma, ila kwa masharti yaliyotajwa humo. Kwa hiyo katika mgogoro wa shamba wa leo, wajukuu wa mhamishwaji na wajukuu wa mwenyeji wanaweza kukuta kwamba swali la kwanza wanaloulizwa ni mwaka gani mwenyekiti wa kijiji alinyoosha kidole na kusema lima hapa.